Panadol Haikuondoa Maumivu ya Kifua

(Muziki wa ufunguzi, kisha unashuka.)

  

Leo nina ujumbe wa kaka mmoja wa Ngumi. Ametukubalia tuusome bila kumtaja jina, na mambo mengine tumeyaacha ili asijulikane. Ni mvuvi wa kamba na pweza. Alikuwa na mchumba ambaye yuko huku kambini na mama yake. Posa ilikuwa imekubaliwa, na wazee walikuwa wanazungumzia mahari. Mwanzo wa kusi, familia ya yule dada ikaarifiwa kwamba faili lao la kuhamia nchi ya tatu limesogea. Baada ya wiki mbili kaka akapata ujumbe wa sauti kwenye simu, wa dakika moja na kidogo. Dada alisema hawezi kumfunga mtu kwa miaka ambayo yeye mwenyewe haijui mwisho wake, na kwamba asimngoje.

Kaka anasema hivi: "Tangu siku ile kifua kinaniuma hapa katikati, kama nimekaliwa na mtu. Chakula hakipiti. Nimemeza Panadol siku nne, asubuhi na usiku, na kifua bado. Je, huu ni ugonjwa au ni mapenzi? Wenzangu wananicheka."

Kaka, mimi sikucheki. Na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu kuna watu wamelifanyia uchunguzi, tena kwa mashine.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, akiwemo bwana Ethan Kross, waliandika juu ya watu 40 waliokuwa wameachwa na wapenzi wao ndani ya miezi sita, na wote hawakutaka kuachwa. Waliwalaza mmoja mmoja kwenye mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa unafanya kazi. Kila mtu alionyeshwa picha ya yule aliyemwacha, akaambiwa akumbuke siku ile. Kisha akaonyeshwa picha ya rafiki tu. Halafu wakamwekea kitu cha moto mkononi, moto wa kuuma bila kuunguza, na safari nyingine kitu cha vuguvugu.

Walichokiona ni kwamba mtu alipotazama picha ya aliyemwacha, ziliamka sehemu za ubongo zilezile zilizoamka mkono ulipowekewa moto. Si zile za huzuni peke yake, bali pia sehemu ambazo kazi yake ni kupokea habari za mwili. Picha ya rafiki haikufanya hivyo.

Lakini nisikudanganye kwa kuishia hapo, maana wengi huishia hapo. Mwaka 2014 watafiti wengine, na baadhi yao walikuwa wale wale wa kwanza, walichunguza kwa karibu zaidi. Wakakuta kwamba ndani ya sehemu hizo moto una mchoro wake, na kuachwa kuna mchoro wake. Fikiria mashua mbili zimetia nanga bandari moja. Ukiwa mbali utasema ni moja, ukikaribia unaona kila moja ina mwenyewe. Kwa hiyo maumivu ya kuachwa ni ya kweli, hutungi, na mwili unahusika. Lakini hayana jeraha ndani ya kifua ambalo kidonge kitalifuata.

Sasa kile kifua kinachobana kinatoka wapi? Ubongo ukiona umepotelewa na mtu, unaupigia mwili kelele kama vile kuna hatari. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli ya kifua na shingo inakaza, tumbo linaacha kutaka chakula. Misuli iliyokaza siku nne lazima iume. Ndiyo huko kukaliwa na mtu unakokusema.

Kuhusu Panadol. Wako waliojaribu kweli. Mwaka 2010 watafiti walichapisha habari za vijana waliomeza dawa hiyo kila siku kwa wiki tatu, na wakaandika kwamba maudhi ya kila siku yamewachoma kidogo kuliko wenzao waliomeza kidonge kitupu. Kidogo tu, na yalikuwa maudhi madogomadogo, si kuvunjika uchumba. Hakuna daktari anayekupa Panadol kwa ajili hiyo. Na sikiliza hapa vizuri: mtu mzima asipitishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mchana na usiku mmoja. Kuzidisha kunaharibu ini, na ini linaweza kuharibika wakati wewe mwenyewe hujisikii vibaya bado. Kama umekwisha kuzidisha, nenda zahanati leo hii, usingoje dalili.

Yupo mtu anauliza moyoni: je, moyo wenyewe hauwezi kuvunjika? Upo ugonjwa kama huo, ila ni nadra. Madaktari wa Japani waliueleza mwaka 1990, wakauita takotsubo. Takotsubo ni chungu cha kunasia pweza. Wajapani hukizamisha baharini, pweza akaingia mwenyewe akidhani ni pango. Sisi tunamfuata pangoni na chuma, wao wanampelekea pango. Madaktari waliona kwamba mtu aliyepata mshtuko mkubwa, kama msiba, upande mmoja wa moyo wake huvimba chini na kuwa mwembamba shingoni, sawa na chungu kile. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi hupona kwa siku au wiki kadhaa wakitibiwa. Kwa kijana mvuvi si jambo la kulifikiria kwanza. Hata hivyo, kifua kikiuma na maumivu yakaenda mkononi au tayani, ukatoka jasho la baridi, ukakosa pumzi ukiwa umekaa tu, au ukazirai, usiseme ni mapenzi. Tafuta mashua uende hospitali.

(Muziki mfupi.)

Tulimpigia kaka simu alipokuwa Kismayo kuuza samaki, na nikamuuliza ni wakati gani kifua kinauma zaidi. Akafikiri, akasema: "Usiku, na nikiwa Kismayo." Nikamuuliza kwa nini Kismayo. Kwa sababu akifika huko simu inapata mtandao, na anafungua stetasi ya yule dada. Na usiku je? Usiku anatazama picha zake kwenye simu, anasikiliza tena ule ujumbe wa sauti. Mara ngapi? Akanyamaza. Halafu akasema, "Mpaka moto wa simu unaisha."

Msikilizaji, rudi kwenye ile mashine. Watafiti walipotaka kuamsha maumivu walitumia nini? Picha. Kaka huyu alikuwa anajiwekea moto mkononi kila usiku, kisha asubuhi anameza Panadol.

Kwa hiyo tulianzia kwenye simu. Sikumwambia afute picha. Mtu akifuta kwa hasira usiku, asubuhi anamwomba binamu amtumie nyingine. Nilimwambia azihamishe picha na ule ujumbe kwenye memori kadi, aitoe, ampe mtu. Na stetasi za dada azinyamazishe, bila kumfungia namba, maana hajamkosea kitu.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ni lile swali la kwa nini. Kusi ilikuwa imekaza, bahari haiendeki, kaka amekaa chini ya mti na nyavu zake anauliza: kwa nini hakuningoja, kwa nini mama yake hakusema, ningefanya nini? Kujiuliza mara moja ni haki ya mtu. Lakini swali likizunguka bila jibu jipya, linakuwa ni kulikuna donda. Watu wengi hushauri, andika yote uliyo nayo moyoni. Mimi pia nilikuwa nashauri hivyo. Kumbe watafiti waliowaomba watu waliotengana na wenzi wao waandike habari zao kwa undani, waliona kwamba wale wenye tabia ya kuzungusha mambo kichwani, kuandika kuliwachelewesha kupona. Wenzao walioandika tu walivyoushinda na siku ilivyopita walikuwa afadhali.

Njia moja inayosaidia ni kujisemesha kama unavyomsemesha mwenzio, kwa jina lako. Usiseme "nimeachwa, mimi sina bahati." Jiite jina, sema: "Fulani, yule dada alichaguliwa na faili, hakuchaguliwa na mwanamume mwingine. Leo utafanya nini mpaka alasiri?" Utajiona mjinga mara ya kwanza. Kaka alicheka nilipomwambia, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka. Ukijiita jina unasogea hatua moja nyuma, na mtu aliyesogea nyuma huona jambo lilivyo.

Tatu ni mwili. Chakula kisipopita, uji mwepesi unapita, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Lala na uamke saa zilezile hata kama usingizi ni mchache. Fanya kazi ya mikono mbele ya watu, kushona nyavu na wenzako, kupaka mashua sifa. Haitamfuta dada. Lakini wakati mikono ina kazi, kifua kinalegea, na kaka mwenyewe aliligundua hilo kabla yangu.

Na mwambie mtu mmoja ukweli. Si kijiji kizima, mmoja. Wanaume wa kwetu tunasema "nina homa" tukiwa na huzuni, kisha tunashangaa dawa ya homa haifanyi kazi.

Usitarajie kwenda mbele moja kwa moja. Utapata siku tatu njema, halafu utasikia wimbo mashuani na kifua kitabana kama siku ya kwanza. Hujarudi mwanzo. Angalia kama siku mbaya zinaachana zaidi wiki hadi wiki. Kama baada ya wiki mbili huli, hulali na huendi kazini, zungumza na mhudumu wa afya. Na ukianza kufikiri kwamba afadhali ufe, usikae peke yako usiku huo. Mwamshe mtu. Hapa kambini nenda zahanati uombe mshauri. Na wewe uliyeambiwa maneno hayo na rafiki, usimwachie asubuhi, kaa naye, na uondoe dawa zote chumbani.

Wiki iliyopita kaka alituma ujumbe mfupi. Kifua kinabana usiku mara mbili au tatu kwa juma, si kila usiku. Anakula. Memori kadi iko kwa dada yake mkubwa, ndani ya kopo la uzi wa kushonea. Amemwambia akija kuiomba asimpe mpaka upepo ugeuke kaskazi.

(Muziki wa kufunga.)