Daftari la Nywila Nyumbani: Liandikwe Nini, Liwekwe Wapi

Tangu leseni za biashara zianze kuombwa kwa mfumo wa TAUSI, wengi huniuliza kama ni kosa kuandika nywila katika daftari. Jibu langu ni kwamba si kosa. Mwizi wa mtandaoni hawezi kufungua kabati lako. Anachokitegemea ni nywila moja itumikayo kila mahali: ikivuja pamoja, huijaribu kwingine kote. Mwenye daftari anaweza kuwa na nywila ndefu, tofauti kwa kila akaunti, bila kuelemewa na kumbukumbu.

Hatari ya daftari ni ya karibu: mgeni, fundi, mpangaji, pengine hata ndugu. Kwa sababu hiyo, nywila isiandikwe nzima. Tuseme mama mwenye duka ana akaunti mbili. Kwa barua pepe anaandika ngazi-mvua-kuku-58, na kwa TAUSI anaandika sahani-tembo-jiwe-31. Kila anapoingia, huongeza mwishoni herufi nne alizozihifadhi kichwani tu. Atakayenakili ukurasa ule atakataliwa na mfumo. Herufi hizo zisitokane na jina la mtoto wala la mume, kwa kuwa mtu wa karibu ndiye atakayeanza kukisia hayo.

Namba ya siri ya pesa za simu haiandikwi kabisa, hata nusu yake. Ikiwa ya tarakimu nne, nawe ukaandika mbili, anayekisia amebakiwa na njia 100 tu.

Daftari lenyewe liwekwe ndani ya mfuko wa nailoni, maana unyevu hufuta wino, kisha lifungiwe sandukuni. Jalada lisiandikwe kitu. Lisikae pamoja na simu wala kitambulisho cha Taifa, kwani atakayevipata vyote kwa mkupuo mmoja amerahisishiwa kazi. Lisitembee mkobani. Na tafadhali, msilipige picha: picha hiyo huweza kuhifadhiwa mtandaoni bila wewe kujua, na pale mwizi wa mbali anaifikia.

Likipotea, au ukipokea kwa simu tarakimu za uthibitisho ambazo hukuziomba, usimtajie mtu yeyote tarakimu hizo. Anza kwa kubadili nywila ya barua pepe kabla ya nyingine zote, kwa sababu mifumo mingi hutuma huko kiungo cha kuweka nywila mpya. Anayeishika barua pepe anaweza kuzishika zilizobaki. Badili pia zile herufi nne, kisha andika tarehe kando ya kila nywila mpya.

Zile herufi nne ziandikwe katika bahasha iliyofungwa, ikae kwa mtu mmoja umwaminiye, nje ya nyumba yenye daftari. Siku ukiugua, duka halitakwama kwa kukosa leseni.