Rakaa moja: maana ya kusimama, kuinama na kusujudu

Maelezo yaliyotolewa kwenye somo la tatu la Waislamu wapya, komini ya Lubumbashi

  Najua wengine kati yenu si Waislamu, mumekuja kuona tunafundisha nini humu. Basi mutasikia.

Miye si imamu. Kazi yangu ni ya shirika, kuzunguka kwenye parsele za watu waliorudi na kuandika shida zao. Ustaadhi yupo hapa, ananisikia, nikipotea atanirudisha njiani. Nimeombwa kusema leo kwa sababu kwenye mizunguko hiyo nasikia swali moja, kila mara lile lile. Mtu amesilimu, wengine walisilimu wakiwa bado Nyarugusu, kule Tanzania, wengine hapa hapa. Anakuja msikitini siku ya Ijumaa, anafuata watu, wakiinama anainama. Halafu nyumbani haswali. Ukimuuliza sababu anajibu: «Miye sijue Kiarabu. Mungu atanisikia namna gani?»

Swali hilo tutalijibu kwa kutembea ndani ya rakaa moja tu. Swala za faradhi ni tano: alfajiri rakaa 2, adhuhuri 4, alasiri 4, magharibi 3, isha 4. Jumla ni rakaa 17 kwa siku. Lakini si vitu 17 vya kujifunza. Ni kitu kimoja kinachorudiwa, na nyongeza kidogo za kukaa na kutoa salamu. Aliyeshika rakaa moja ameshika sehemu kubwa ya kazi.

Tuanze kwa kusimama. Uso unaelekea Makka. Hapa Lubumbashi ni kaskazini, ukiinamia kidogo upande wa mashariki. Unanuia moyoni swala gani unayoswali, unainua mikono na kusema Allahu akbar. Tunazoea kutafsiri «Mungu ni mkubwa», lakini neno akbar lina maana ya mkubwa zaidi. Zaidi ya nini? Halisemi. Wewe mwenyewe unajaza: zaidi ya deni la nyumba, zaidi ya aliyekufukuza kazini, zaidi ya mimi. Takbira hii ya kwanza inaitwa ya kuhirimia, na mizizi yake ni ile ile ya neno haramu. Kwa sababu kuanzia hapo kuongea na watu, kula na kunywa ni marufuku mpaka utoe salamu. Ni kama kufunga mlango.

Mikono inakwenda wapi? Hapa wengi wanachanganyikiwa. Waliofundishwa Tanzania wanaiweka chini ya kifua, wa kulia juu ya wa kushoto, kama wanavyofanya Washafii wa pwani. Ukisimama karibu na ndugu wa Mali ama Senegali utaona wengi wao wameiacha imening'inia, kwa sababu kwao wanafuata Imamu Malik. Alfajiri utaona wengine wanainua mikono kuomba kunuti baada ya rukuu ya pili, wengine hapana. Hakuna aliyekosea. Chagua njia ya aliyekufundisha, ushikamane nayo, wala usimsahihishe jirani.

Sasa maneno. Ukisimama unasoma Fatiha, aya 7. Hapa njo mahali watu wanaogopa. Lakini hebu tuone. Kiswahili chetu kiliingia Katanga pamoja na wafanyabiashara wa pwani, karne ya 19, na kilibeba maneno mengi ya Kiarabu. Hata kanisani munayatumia. Mukisema rehema, mumeshagusa Rahmani na Rahimu, majina mawili ya Mungu yaliyo mwanzoni mwa Fatiha. Mukisema «mhimidini Bwana», hiyo ni hamdu, yaani sifa. Mukisema kuabudu, mumelisema na'budu, tunaabudu. Wakristo wengi hapa wanasema sala, sisi tunasema swala, ni neno moja. Kwa hiyo yule anayesema hajui Kiarabu, nusu ya maneno ameyabeba mdomoni tangu utoto.

Lakini kuna neno moja la kuangalia, maana linadanganya. Aya inayomtaja Mungu kuwa mwenye siku ya dini, watu wanadhani ni siku ya dini kama Ijumaa ama Jumapili. Hapana. Hapo dini ni malipo, hukumu. Ni siku ambayo kila mtu atapewa haki yake.

Fatiha ina nusu mbili, na Mtume alieleza kwamba Mungu ameigawa kati yake na mja wake. Nusu ya kwanza ni kumsifu. Katikati kuna aya moja ya ahadi: wewe tunakuabudu, kwako tunaomba msaada. Nusu ya pili ni ombi, kuonyeshwa njia iliyonyooka. Halafu mwishoni, amina. Na mutazame: ombi liko katika wingi. Hata ukiswali peke yako chumbani, kwenye nyumba ambamo watu wote wengine wanakwenda misa, hausemi «mimi», unasema «sisi». Unaomba pamoja na watu usiowaona.

Na ambaye bado hajaishika Fatiha? Asiache kuswali akingoja. Mtu mmoja alimwendea Mtume akasema hawezi kushika chochote cha Kurani, akafundishwa maneno mafupi ya kusema badala yake: Subhanallah, Alhamdulillah, La ilaha illallah, Allahu akbar. Utakatifu ni wa Mungu, sifa ni zake, hakuna mungu mwingine, yeye ni mkubwa zaidi. Sema hayo ukiwa umesimama, kwa muda kama ule ambao Fatiha ingechukua. Huku jioni, kabla ya bukari, jifunze aya moja. Aya moja kila jioni, juma moja umemaliza. Ukisahau, juma mbili.

Baada ya kusoma tunasema takbira na kuinama, hiyo ni rukuu. Viganja vinashika magoti, mgongo unalala sawa, kichwa hakining'inii na hakiinuki. Unasema mara tatu Subhana rabbiyal adhim: ametakasika Mola wangu mtukufu. Adhim ni ndugu ya neno letu kuadhimisha. Mbele ya mtukufu mtu anainama, mwili unasema kile kile mdomo unachosema.

Halafu unasimama tena, na hapa njo jibu la swali letu. Ukiinuka unasema Sami'allahu liman hamidah. Maana yake: Mungu amemsikia anayemsifu. Haisemi anayejua Kiarabu vizuri. Haisemi aliyesoma. Anayemsifu. Unasema hivyo kila rakaa, mara 17 kwa siku ukiswali peke yako, kabla hata ya kuuliza kama anasikia. Nyuma ya imamu, Washafii wanayasema pia. Wengine wanamwachia imamu, wao wanajibu tu Rabbana lakal hamdu, Mola wetu, sifa ni zako.

Kutoka hapo tunashuka kwenye sujudi. Viungo saba vinagusa chini: paji la uso pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Mara nyingi kinachosahaulika ni miguu, mtu anaiinua hewani. Unasema mara tatu Subhana rabbiyal a'la: ametakasika Mola wangu aliye juu kabisa. Mumeona? Mwili ukiwa chini kuliko mahali popote pa swala, njo tunalitaja neno la juu. Mtume alifundisha kwamba hapo mja yuko karibu zaidi na Mola wake, tuzidishe kuomba. Je, kuomba kwa Kiswahili ndani ya sujudi? Wanazuoni wametofautiana, ulizeni ustaadhi. Baada ya salamu hakuna tofauti: omba kwa Kiswahili, Kiluba ama Kibemba.

Unakaa kidogo, unaomba Rabbighfir li, Mola wangu nisamehe, kisha unasujudu mara ya pili. Rakaa moja imekwisha.

Sasa kosa linaloharibu swala kuliko matamshi. Ni haraka. Mutume alimwona mtu ameswali mbio mbio, akamwambia arudi aswali tena, maana hakuswali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka mtu yule akaomba kufundishwa. Hakuambiwa matamshi yake ni mabaya. Alifundishwa kutulia: ainame mpaka atulie, asimame mpaka anyooke, asujudu mpaka atulie. Kutulia huko kunaitwa tumaanina. Kipimo chake ni kidogo, viungo vyote vitulie kwa muda wa kusema Subhanallah moja. Namna ya kujipima: kama neno la rukuu linaishia wakati mgongo umeshaanza kuinuka, bado hujatulia. Anza kuinuka mdomo ukiwa umenyamaza.

Nitoe mfano mmoja. Mama mmoja wa chama chetu ana goti baya, halikunji. Alikuwa akishuka sujudi kwa maumivu, anagusa mkeka na kuruka juu, halafu akaacha kabisa, akiona haya. Tulikaa naye pamoja na ustaadhi. Kusimama anaweza, basi anasimama na kusoma Fatiha wima. Rukuu anaweza, anainama kawaida. Kwa sujudi anakaa kwenye kiti, anainamisha mwili chini kuliko alivyoinama kwenye rukuu, anatulia, anasema maneno yale yale mara tatu. Hakuna haja ya kuweka meza ama mto mbele yake aguse kwa paji la uso. Siku goti litakapopona atarudi kwenye mkeka. Swala yake sasa ni tulivu kuliko ile ya zamani, na imetimia kwa kadiri anavyoweza.

Mwisho wa swala tunakaa kwa tahiyatu, ambayo tutaisoma Jumapili ijayo, neno kwa neno. Kisha tunageuza uso kulia na kushoto: Asalaam alaikum warahmatullah. Ule mlango uliofungwa kwa takbira unafunguliwa hapo, na neno la kwanza unalowapa watu wa nje ni amani. Aliye kulia kwako anaweza kuwa mtu wa Mali, ama mtu mnayegombania naye kiwanja. Salamu ni yake pia.

Kwa juma hili kazi ni mbili tu. Waliokwishashika Fatiha, wapunguze mwendo kwenye rukuu na sujudi, wajipime kama nilivyosema. Ambao bado, waanze leo na yale maneno manne, na aya ya kwanza jioni. Jumapili kila mtu aje na mkeka wake, tuko wengi na ya chama haitoshi.

 Ustaadhi, kama nimeacha kitu, tafadhali ongeza.