Mzio wa Njugu na Chakula cha Ndege: Shirika Linaahidi Nini?



Njugu karanga ni zao la nyumbani huku kwetu Migori na Homa Bay, na kuna watoto ambao kipande kimoja tu huwavimbisha koo. Mtoto kama huyo akipata nafasi ya kusoma ng'ambo, mzazi humwambia ajenti wa tiketi, "Hali njugu," na kuamini kwamba mambo yamekwisha. Bado.

Tuseme msichana wa Rongo anapanda ndege Kisumu, anabadilisha Nairobi, kisha anaelekea Ulaya. Safari ya Kisumu hadi Nairobi haifiki saa moja, na haina mlo wa kuagiza. Kazi iko kwenye safari ndefu. Ajenti akimwandikia `VGML`, yaani chakula kisicho na nyama wala maziwa, hajamkinga hata kidogo, kwa sababu mchuzi wa mboga unaweza kuwa na korosho au njugu. Hata `DBML` ni ya mwenye kisukari, si ya mwenye mzio.

Kwa hiyo mambo ni mawili, na huombwa kando. La kwanza ni mlo, ambao mashirika mengi hutaka uombwe saa 24 hadi 48 kabla ya safari. La pili ni taarifa ya mzio, inayoandikwa kwenye nafasi ya abiria ili wahudumu waione. Ajenti aulizwe kama ombi linaonyesha `HK`, maana yake limethibitishwa. Likiwa `HN`, bado linasubiri jibu. Tiketi ikibadilishwa tarehe, au safari ya pili ikiwa ya shirika lingine, ombi linaweza kupotea njiani bila mtu kujua. Lithibitishwe upya, na aliyekaa kaunta ya uwanja aulizwe tena.

Shirika linaweza kuahidi kupokea ombi na kulipeleka jikoni. Haliwezi kuahidi ndege isiyo na njugu. Chakula hupikwa katika jiko kubwa la nchi kavu linalopika vyakula vingi, abiria wa kiti cha jirani huja na njugu zake mfukoni, na mabaki ya safari iliyopita hubaki kwenye meza na mkono wa kiti. Mashirika kadhaa huandika hivyo waziwazi katika masharti yao, na ni afadhali kuliko ahadi tamu.

Msichana huyo abebe chakula chake kikavu kilichofungwa, apanguse meza na kiti, na sindano zake za adrenalini, mbili ikiwezekana, ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Zisiingie kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Sanduku la dharura la ndege huwa na adrenalini, lakini mara nyingi iko kwenye chupa ndogo inayohitaji mhudumu wa afya kuivuta kwa bomba, na huenda hakuna daktari miongoni mwa abiria.