Kopo la mvua na zamu ya maji: mkulima wa Kieni atajuaje kwamba shamba limeshiba?



Upande wa Kieni, mvua ya Mlima Kenya huishia mbali na mashamba mengi. Karibu na msitu, kule Kabaru na Gakawa, hunyesha vizuri; ukishuka kuelekea barabara ya Naro Moru na Nanyuki, ardhi inakauka kila kilomita. Ndiyo maana viazi, kabeji na vitunguu vya huko hutegemea mabomba ya miradi ya maji inayotoa kwenye mito kama Naro Moru na Burguret, na kila mwanachama hupewa zamu. Maji yanayobaki huendelea kushuka hadi Ewaso Ng'iro, ambako wafugaji wa Samburu na Isiolo huyangojea. Kiangazi kikikaza, mto huo umewahi kukauka kabisa katika sehemu za chini.

Mazungumzo ya teknolojia ya bei nafuu kwa mkulima mdogo mara nyingi huanza na simu. Hapa yataanza na kopo, sirinji ya duka la pembejeo, na daftari. Vitu hivyo vitatu hujibu swali ambalo wakulima wengi hulijibu kwa kukisia: zamu ikifika, je, shamba linahitaji maji?

Kopo kwanza. Linalofaa ni lile lenye mdomo wa mviringo wa sentimita 11 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa upana huo, kila mililita 10 za maji yaliyokingwa ni sawa na milimita 1 ya mvua, kwa hiyo hesabu haimsumbui mtu. Mdomo ukiwa sentimita 11 kamili, kosa ni dogo, na kwa kazi hii halidhuru. Mkulima humimina maji ya kopo, huyavuta kwa sirinji ya mililita 20, na kuhesabu. Akivuta mara tano, ni mililita 100, yaani milimita 10. Kusoma kina cha maji kwa rula ndani ya kopo kunawezekana pia kama kuta zake zimenyooka, lakini mvua ndogo haionekani vizuri kwa rula.

Kopo hufungwa kwenye mti uliochimbiwa shambani, mdomo ukiwa sawasawa na juu ya majani ya mazao, mbali na nyumba na miti. Kanuni rahisi ni kwamba mti wenye kimo cha mita 5 uwe umbali wa mita 10 au zaidi. Kopo lililowekwa chini ya mgrevilea husoma pungufu siku ya manyunyu na kupita kiasi siku ambayo majani yanadondosha. Husomwa kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile ambayo vituo vya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya husoma vipimo vyao, kisha hukaushwa. Likiachwa siku tatu bila kusomwa, jua hunywa sehemu ya maji na namba huwa uongo.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita moja ya mraba. Robo ekari ni karibu mita 1,000 za mraba. Basi milimita 1 katika robo ekari ni lita 1,000, na milimita 10 ni lita 10,000, ambazo hakuna aliyezilipia.

Sasa upande wa matumizi. Viazi vilivyofunika ardhi kwa majani, katika siku ya jua ya Kieni, hutumia takriban milimita 4 kwa siku. Julai yenye mawingu na baridi hutumia nusu ya hizo au zaidi kidogo. Mizizi ya viazi ni mifupi. Sehemu kubwa ya maji hunywewa katika sentimita 30 za juu. Udongo wa tifutifu katika kina hicho hushika kama milimita 45 ambazo mmea unaweza kuzichukua, lakini kiazi huanza kuteseka pindi theluthi hivi ya hayo inapokwisha, yaani karibu milimita 16. Hapo ndipo daftari linapofanya kazi: mkulima huondoa milimita 4 kila siku, huongeza mvua, na deni likikaribia 16 anajua kwamba wakati wa kumwagilia umefika.

Chukulia mkulima wa Thegu mwenye robo ekari ya viazi, ambaye zamu zake ni Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na mbili kila moja. Bomba lake hujaza mtungi wa lita 20 kwa sekunde 72. Hiyo ni lita 1,000 kwa saa, na zamu nzima ni lita 12,000, ambazo shambani mwake ni milimita 12 kama hazipotei njiani. Jumatatu anamwagilia hadi udongo unashiba. Jumanne deni ni 4, Jumatano ni 8. Usiku wa Jumatano mvua inapiga mabati, na Alhamisi asubuhi sirinji inatoa mililita 100: milimita 10. Deni limelipwa, na milimita 2 zimezidi.

Kama hana kopo, Alhamisi anafungua bomba kwa sababu ni zamu yake. Lita zote 12,000 zinapita chini ya mizizi, zikisomba naitrojeni ya mbolea aliyoinunua. Kama ana kopo, anaiacha zamu. Kuanzia Alhamisi deni linahesabiwa upya: Alhamisi 4, Ijumaa 8, Jumamosi 12, Jumapili 16. Jumatatu asubuhi shamba limefika mpakani, na zamu yake ya saa kumi na mbili haitoshi kulipa 16. Anahitaji saa nne zaidi. Ameachilia saa 12 na anaomba arudishiwe 4; saa 8, yaani lita 8,000, zimebaki kwa jirani au mtoni.

Hizo saa nne ndizo mradi mwingi unapokwamia. Kanuni za zamu kwa kawaida humtambua anayechukua maji na hazimtambui anayeyaacha. Mkulima akijua kwamba zamu aliyoiacha imepotea, atafungua bomba hata shamba likiwa tope, na hakuna kipimo kitakachomzuia. Kwa hiyo daftari la pili ni la kamati: nani ameachilia saa ngapi, nani amezichukua, na zitarudishwa lini. Ujumbe mfupi wa simu kwa fundi wa maji kabla ya saa nne asubuhi unatosha kuhamisha zamu, mradi uandikwe siku hiyohiyo. Haihitaji programu ya simu. Inahitaji mtu mmoja ambaye wote wanamwamini kuandika.

Kuna mfano wa jambo hili upande wa Tanzania. Katika skimu ya Kiwere, mkoani Iringa, wakulima walipewa vipima unyevu viitwavyo Kinyonga, vilivyobuniwa Australia. Vichunguzi huzikwa kwenye kina tofauti cha udongo, na kifaa cha kusomea huwasha taa: bluu udongo ukiwa umelowa, kijani ukiwa na unyevu wa kutosha, nyekundu ukiwa mkavu. Wakulima waliona taa za chini zikibaki bluu siku nyingi baada ya kumwagilia, na wengi wakapunguza mara za kumwagilia bila mavuno kushuka. Mradi huo haukuishia kwenye vifaa. Uliwakalisha pamoja wakulima, viongozi wa skimu, wauza pembejeo na wanunuzi ili mambo mengine yaliyokwama, kama zamu na soko, yazungumzwe papo hapo.

Vipo pia vipima unyevu vya bei ya chini kabisa, vyenye umbo la uma wenye meno mawili ya chuma, vinavyouzwa na wafanyabiashara wa vifaa vya elektroniki. Hivyo viangaliwe kwa tahadhari. Hupima jinsi umeme unavyopita udongoni, na chumvi ya mbolea hupitisha umeme; siku moja baada ya kuweka mbolea ya kukuzia, uma utasema udongo umelowa kuliko ulivyo. Meno yake nayo huliwa na kutu kwa muda mfupi. Njia ya kukijua kilichochoka ni kukichomeka kwenye mkebe wa udongo uliokaushwa juani: kikionyesha unyevu, hakifai.

Kipimo kinachohukumu vingine vyote bado ni mkono. Daftari linakisia, kwa kuwa si kila mvua inahesabika. Isiyofikia milimita 3 mara nyingi hukauka juu ya majani, na milimita 30 zikishuka kwa nusu saa kwenye mteremko, nyingi hukimbilia mferejini. Kwa hiyo mara moja kwa wiki mkulima achimbe hadi sentimita 15, kisha 30, akaze udongo kiganjani. Ukishikana donge na kuacha kiganja na unyevu, shamba limeshiba. Donge likivunjika kwa kurushwa kidogo mkononi, wakati wa maji umekaribia. Usiposhikana kabisa, amechelewa. Udongo mweusi wa mfinyanzi hudanganya: hushikana hata ukiwa umeanza kukauka, na ni bora kuuviringisha kama kijiti. Ukipasuka kabla ya kuwa mwembamba kama penseli, unataka maji.

Aliyezidisha maji hatangoji mavuno ili ajue. Viazi vinavyonyauka mchana huku udongo umelowa, majani ya chini yakigeuka manjano, vina mizizi isiyopata hewa. Aking'oa kiazi kimoja akaona vidoa vidogo vyeupe vilivyovimba juu ya ngozi, hivyo ni vitundu vya kupumulia vilivyofunguka kwa sababu ya maji mengi. Na anayetumia vinyunyizio jioni, majani yakalala yamelowa, huukaribisha ugonjwa wa baka wa viazi, ule unaoyababua majani kama yaliyopitiwa na moto.

Utabiri wa hali ya hewa huingia hapo mwisho wa hesabu. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa siku chache na wa wiki, na ina ofisi katika kila kaunti, Nyeri ikiwemo. Utabiri huzungumzia eneo pana, lakini kati ya msitu na tambarare mvua hutofautiana sana. Mkulima mwenye deni la 6 anayesikia mvua yaja anaweza kungoja siku mbili bila hatari. Mwenye deni la 15 asingoje. Amwagilie nusu, aache nafasi ya mvua. Na mvua ya kesho haiandikwi daftarini hadi sirinji iithibitishe.

Kamati inayotaka kuanza inaweza kuweka makopo matatu kwenye mstari mmoja wa bomba, juu, katikati na chini, na kuandika usomaji wa kila asubuhi kwenye ubao wa tangi. Baada ya msimu mmoja, wanachama wataona wenyewe ni mara ngapi mvua ilinyesha juu tu, na zamu ya nani ingeweza kuteremshwa chini siku hiyo.