Chati kwa Msomaji Asiyeona: Maelezo Mbadala na Majedwali katika Taarifa za Umma

Mada iliyotolewa katika semina ya makatibu na viongozi walei



Niliombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya mwishoni kabisa, taarifa inapokuwa imekwisha kuandikwa na mpiga chapa anasubiri mlangoni: namna ya kuandika chati ili ndugu asiyeona aweze kuisoma. Nimeona ni heri tuchukue chati moja tu, tuifuate tangu mwanzo hadi mwisho, kuliko kutaja kanuni nyingi zitakazosahaulika kabla ya chakula cha mchana.

Chati yenyewe mnaifahamu. Ni ile ya nguzo sita zinazoonesha idadi ya watu wa Tanzania katika sensa sita zilizofanyika tangu Muungano: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Miaka michache iliyopita nilishiriki kuandaa kijitabu cha majadiliano kuhusu madarasa na visima, nasi tukaiweka chati hiyo ukurasa wa tatu. Tulisambaza kijitabu kwa karatasi na pia kwa kompyuta. Mwalimu mmoja mstaafu, asiyeona, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya shule kijijini kwake, alinipigia simu jioni ileile. Aliniambia kwamba katika ukurasa wa tatu mashine yake imesema neno moja tu, «picha», kisha ikaendelea na aya inayofuata iliyosema, «Kama inavyoonekana hapo juu». Akaniuliza kwa upole, «Mwanangu, kinachoonekana hapo juu ni nini?»

Yafaa tuelewe kwanza mashine hiyo inavyofanya kazi. Msomaji asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hugeuza maandishi kuwa sauti au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Mojawapo inayotumika sana ni NVDA, ambayo hutolewa bure. Ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akajiunga naye; wote wawili hawaoni. Programu ya namna hii husoma herufi. Nguzo za chati si herufi, bali ni rangi zilizopangwa, kwa hiyo programu husema tu kwamba hapa pana picha, au husoma jina la faili ambalo halimfai mtu yeyote. Hali kadhalika jedwali lililopigwa picha na kubandikwa: macho yetu yanaliona kuwa jedwali, lakini kwa programu ni picha tu.

Dawa yake ina sehemu mbili, nazo hazibadilishani nafasi. Ya kwanza ni maelezo mbadala, yaani sentensi chache zinazofichwa nyuma ya picha na kusomwa na programu mahali pa picha hiyo. Ya pili ni jedwali halisi la takwimu zilizochorwa. Mimi mwanzoni nilidhani ya kwanza yatosha. Baada ya simu ile niliandika maelezo marefu, nikazitia humo takwimu zote sita pamoja na rangi za nguzo, nikamtumia Mwalimu nikijipongeza. Alinijibu kwamba nimemsomea tangazo la mnada. Maelezo mbadala husomwa kwa mfululizo, na mara nyingi si rahisi kwa msomaji kuyatembelea kidogo kidogo kama aya ya kawaida. Alipofika takwimu ya tano alikuwa ameisahau ya pili, na ili kuipata ilimbidi asikilize yote upya. Tena rangi hazikumsaidia neno, kwa kuwa katika chati ile rangi ilikuwa pambo tu.

Basi maelezo mbadala yaseme mambo manne na kuishia hapo: ni chati ya aina gani, inapima nini na katika kipindi gani, habari yake kuu ni ipi, na takwimu kamili zinapatikana wapi. Haya ndiyo tuliyoyaandika mara ya pili:

«Chati ya nguzo: idadi ya watu Tanzania katika sensa sita, 1967 hadi 2022. Idadi imepanda katika kila sensa, kutoka milioni 12.3 hadi milioni 61.7. Takwimu zote zimo katika Jedwali la 1, chini ya chati.»

Angalieni kwamba hatukuanza na maneno «Hii ni picha ya». Programu yenyewe imekwisha kutamka «picha», na kurudia ni kumchosha msikilizaji. Angalieni pia kwamba hatukusema idadi imepanda «kwa kasi ya kutisha». Mwenye macho hupewa nguzo, akaamua mwenyewe kama zinatisha. Asiyeona naye ana haki ya kupewa kipimo na kuachiwa hukumu. Hapa ndipo nionapo waandishi wengi wakiteleza, nami sidhani ni kwa nia mbaya. Mtu anapoficha maneno mahali ambapo wenzake hawayaoni, hujisahau akahubiri.

Sasa tuje kwenye jedwali, ambako ndiko kuliko na kazi kubwa zaidi. Jedwali letu lilikuwa hivi:

Jedwali la 1. Idadi ya watu Tanzania kwa mwaka wa sensa, kwa mamilioni

| Mwaka wa sensa | Watu (milioni) | Miaka tangu sensa iliyotangulia | Ongezeko (milioni) |
|---|---|---|---|
| 1967 | 12.3 | haihusiki | haihusiki |
| 1978 | 17.5 | 11 | 5.2 |
| 1988 | 23.1 | 10 | 5.6 |
| 2002 | 34.4 | 14 | 11.3 |
| 2012 | 44.9 | 10 | 10.5 |
| 2022 | 61.7 | 10 | 16.8 |

Msomaji asiyeona hulitembelea jedwali kisanduku kimoja baada ya kingine. Katika NVDA hubonyeza herufi T ili kurukia jedwali katika ukurasa wa wavuti, na ndani ya jedwali hushikilia Ctrl na Alt pamoja na mshale ili kusogea juu, chini, kushoto au kulia. Akishuka katika safu ya watu, programu humtajia mwaka na idadi: 2002, 34.4; 2012, 44.9. Akihama kwenda kulia, humtajia kichwa cha safu mpya kabla ya takwimu. Lakini humtajia hivyo ikiwa tu vichwa vimetambulishwa kuwa vichwa. Kukoleza wino hakutoshi, kwani wino mzito ni habari ya macho. Vichwa visipotambulishwa, msomaji aliye katikati ya jedwali husikia «34.4» peke yake, asijue ni watu, ni miaka, au ni asilimia.

Kwa sababu hiyohiyo tusiunganishe visanduku viwili kuwa kimoja ili jedwali lipendeze. Kisanduku kilichounganishwa huvuruga hesabu ya safu, na takwimu huweza kusomwa chini ya kichwa kisicho chake. Wala tusiache kisanduku kitupu. Pale kwenye mwaka 1967 tuliandika «haihusiki», maana ukimya humwacha msikilizaji akijiuliza kama takwimu haipo, imesahauliwa, au mashine imekwama. Kipimo, yaani «milioni», kikae katika kichwa mara moja tu, kisirudiwe katika kila kisanduku. Na mkitaka kuandika idadi kamili, msitenganishe tarakimu kwa nafasi tupu, kwa kuwa 61 741 120 yaweza kusomwa kama namba tatu mbalimbali.

Mtaniuliza kwa nini tuliongeza safu mbili za mwisho ambazo hazikuwamo katika chati. Hilo ni tunda la Mwalimu, nami nalisimulia bila aibu. Katika chati yetu nguzo sita zilisimama kwa nafasi sawa. Kwa hiyo sisi wenye macho tuliona hatua kubwa kati ya 1988 na 2002, kisha hatua ndogo kidogo hadi 2012, tukaandika katika maelezo kwamba ongezeko lilipungua. Jedwali la kwanza tulilomtumia lilikuwa na safu mbili tu, mwaka na watu. Yeye alisikia mwaka kabla ya kila takwimu, akatoa kichwani, akapiga simu. Kutoka 1988 hadi 2002, alisema, ni miaka 14. Kutoka 2002 hadi 2012 ni 10. Gawanyeni. Tukagawanya: milioni 11.3 kwa miaka 14 ni kama watu 810,000 kwa mwaka, na milioni 10.5 kwa miaka 10 ni 1,050,000 kwa mwaka. Ongezeko la kila mwaka halikupungua, lilikua. Kamati ya shule ingalipanga madarasa kwa kufuata sentensi yetu, ingalipungukiwa. Tuliifuta sentensi ile, tukaongeza zile safu mbili, na siku hizi nguzo zetu huzipanga kwa umbali unaolingana na miaka.

Kuhusu kazi yenyewe ya kompyuta sitawachosha. Katika Word, bonyezeni picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague `Alt Text`, na kuandika maelezo. Kwa jedwali, wekeni alama katika mstari wa kwanza, kisha katika kichupo cha `Layout` mchague `Repeat Header Rows`. Yote haya yatapotea msipokuwa waangalifu mwishoni: mkitengeneza PDF kwa njia ya `Print`, maelezo na vichwa kwa kawaida huachwa nyuma, na faili hubaki sura tupu. Tumieni `Save As`, mchague PDF, na katika `Options` mhakikishe kisanduku cha `Document structure tags for accessibility` kimetiwa alama. Kijitabu chetu cha pili kiliharibika hapo hapo, baada ya kazi ya siku mbili.

Mtajuaje kwamba mmefaulu? Njia iliyo bora ni kumpelekea msomaji asiyeona kabla ya kuchapa, na kumpa muda wa kutosha. Pasipokuwa na mtu wa karibu, wekeni NVDA katika kompyuta yenu, mzime kioo, na mtafute jibu la swali moja: mwaka 1988 watu walikuwa wangapi? Ikiwa hamkulipata kwa masikio katika dakika moja hivi, kuna kichwa kisichotambulishwa au maelezo yasiyotaja jedwali lilipo. Kwa karatasi, msomeeni mwenzenu maelezo kwa simu, kisha mwambieni awaeleze chati inasema nini.

Kuna chati ambazo njia hii haizimalizi. Grafu ya mvua ya kila siku kwa mwaka mzima ingehitaji mistari 365, na hakuna anayeweza kuikalia kuisikiliza. Hapo wekeni katika taarifa jedwali la miezi 12, na takwimu za kila siku katika faili la pembeni kwa atakayezihitaji. Ramani yenye rangi za wilaya igeuzwe jedwali la wilaya na kiasi, ingawa jirani ya nani ni nani itapotea, na hilo itabidi lielezwe kwa maneno ndani ya taarifa yenyewe. Na aya ile iliyosema «Kama inavyoonekana hapo juu» tuliiandika upya: «Kama Jedwali la 1 linavyoeleza».