Ekinasia: Siku Kumi Zinatosha, na Kwa Wengine Hata Moja Isiwepo

Mafua yakianza kuzunguka, kwenye maduka ya dawa ya mjini hukosi viboksi vyenye picha ya ua la zambarau. Hiyo ndiyo ekinasia, mmea wa nyanda za Amerika ya Kaskazini ambao wenyeji wa huko waliutumia kwa koo, meno na majeraha muda mrefu kabla ya kufika kiwandani. Muuzaji atakwambia inapandisha kinga. Wengi wetu neno hilo linatutosha kutoa pesa.

Sasa, inatibu mafua? Mwaka 2010 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walitoa matokeo ya watu 719 waliokuwa wameanza kuugua mafua. Waliopewa vidonge vya ekinasia waliwahi kupona kwa kama nusu siku tu, na tofauti ndogo hivyo huenda ilitokea kwa bahati. Majaribio mengine yanapishana, na si ajabu, kwa sababu kiboksi kimoja kina juisi ya majani na maua mabichi, kingine kina mzizi uliolowekwa kwenye spiriti, na vyote vinaitwa ekinasia. Mimi sioni ubaya mtu mzima mwenye afya akiijaribu. Ila ajue anachonunua ni kubahatisha nusu siku.

Akiamua kuitumia, aanze siku ileile pua inapowasha na koo linapokereketa. Kuanza siku ya nne ni kuchelewa, maana mafua yenyewe yameshaanza kuondoka. Akipona aache. Shirika la Dawa la Ulaya, kwa juisi ya ekinasia ya zambarau, limeweka ukomo wa siku 10, na halishauri wapewe watoto walio chini ya miaka 12. Mafua ya kawaida huisha ndani ya wiki moja au siku kumi. Usipopata nafuu hadi hapo, tatizo si uhaba wa ekinasia, kamwone daktari. Na kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapime kifua kikuu badala ya kufungua kiboksi cha pili.

Hao ni wazima. Wapo wenzetu ambao nusu siku hiyo inaweza kuwagharimu sana: wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili inamshambulia mwenyewe, kama lupasi au baridi yabisi. Chukulia dada mwenye lupasi, anayemeza prednisoloni kila asubuhi. Kazi ya kidonge hicho ni kuituliza kinga iliyopotoka. Akipata mafua, jirani anamletea ekinasia, ambayo maabara inaonyesha inaziamsha baadhi ya chembe za kinga. Asubuhi anaituliza kinga, mchana anaichokoza.

Mwaka 2004 madaktari wa ngozi wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa pemfigasi, ugonjwa wa kinga unaotoa malengelenge kwenye ngozi na mdomoni. Alitumia ekinasia, na ugonjwa ukaamka tena. Mgonjwa mmoja si ushahidi kwamba kila mtu atapatwa na hayo, na sijui jaribio kubwa lililowahi kuwapima watu wa namna hii. Lakini pima mwenyewe: faida ni nusu siku ya kamasi, hasara ni lupasi kuamka na pengine kufika kwenye figo. Ndiyo maana shirika lile la Ulaya haliwashauri wagonjwa hawa waitumie hata kwa siku chache. Limewaweka pamoja nao wenye upungufu wa kinga na wanaotumia dawa za kuizuia, kwa mfano waliopandikizwa figo.

Shida ni kwamba ekinasia hujificha. Kiboksi kimeandikwa vitamini C na zinki kwa herufi kubwa, ekinasia iko nyuma kwa herufi za sisimizi. Geuza kiboksi usome, au mwombe mfamasia akusomee, na umwambie ugonjwa wako kabla hujalipa. Wale ambao pareto huwatoa vipele wajihadhari pia, kwa kuwa ekinasia ni ya jamii moja nayo.

Dada yetu wa lupasi atumie parasetamoli kwa kipimo chake, maji ya chumvi ya kusukutua koo, na prednisoloni yake asiikatize hata siku moja bila daktari. Akipata homa asikae nayo nyumbani, kwa sababu dawa zake zinaweza kuficha ukali wa maambukizi. Na kama alishameza ekinasia, aache leo, aandike tarehe aliyoanza, kisha aangalie viungo kukakamaa asubuhi, vidonda mdomoni, vipele vipya usoni, au mkojo wenye povu. Akiona hata kimoja, aende kliniki yake bila kungoja tarehe ya kadi, na kiboksi akibebe mkononi.