Utangulizi Unaomeza Somo: Andalio la Kusoma Kiingereza kwa Kidato cha Kwanza Nyakiyumbu

Miongoni mwa walimu wa Kiingereza imeota mizizi hoja kwamba anayesoma kwa lugha ya pili hawezi kuelewa matini mpaka asimuliwe kwanza yaliyomo na afafanuliwe kila neno gumu, na kwamba kwa hiyo hatua ya kabla ya kusoma ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya kipindi. Hoja hiyo huegemezwa kwenye nadharia ya skima, yaani maelezo kwamba msomaji huelewa jambo jipya kwa kulihusisha na maarifa aliyokwisha kuyahifadhi akilini, nadharia ambayo Patricia Carrell aliitia nguvu katika ufundishaji wa Kiingereza miaka ya 1980. Nadharia yenyewe haina kasoro hapa. Kinachopingwa ni matumizi yake.

Ichukuliwe matini ya maneno 250, iliyotungwa na mwalimu wa Nyakiyumbu, wilayani Kasese, kuhusu mama anayepeleka maharage soko la Mpondwe akazuiwa na mafuriko ya mto Lhubiriha. Mwalimu akitumia nusu ya kipindi kuzungumzia mafuriko, kisha akauliza kwa nini mafuriko ni hatari, mikono yote itanyooshwa, kwa kuwa watoto wa chini ya Milima ya Rwenzori wanayajua mafuriko bila kuyasoma popote. Jambo la namna hiyo limeshuhudiwa darasani: majibu yalikuwa sahihi, lakini wanafunzi walipotakiwa kuonyesha sentensi iliyowapa majibu hayo, hawakuiona, kwa sababu haikuwamo. Kipimo cha maswali ya aina hiyo ni chepesi: maswali ya ufahamu yaulizwe kabla matini haijatolewa, na swali lolote linalojibika wakati huo liondolewe, kwa kuwa linapima maisha ya mwanafunzi na si usomaji wake.

Hatari ya utangulizi wa namna hiyo huonekana wazi katika sentensi ya matini hiyo inayosema kwamba ingawa mvua ilikatika usiku, mto uliendelea kujaa hadi adhuhuri. Asiyelitambua neno la Kiingereza lenye maana ya "ingawa" hushika mvua iliyokatika, akakamilisha mengine kwa kukisia, na kuandika kwamba mama alivuka asubuhi. Keith Stanovich alieleza mwaka 1980 kwamba msomaji aliye dhaifu katika kuyatambua maneno huegemea muktadha ili kuziba pengo. Basi utangulizi mrefu huuficha udhaifu huo badala ya kuutibu.

Inafaa kumrejea Eddie Williams, ambaye kitabu chake cha mwaka 1984 kilizieleza hatua tatu za somo la kusoma, kabla, wakati na baada, na ambaye baadaye aliwapima watoto wa Malawi na Zambia. Wa Malawi walikuwa wameanza kusoma kwa Kichewa, wa Zambia kwa Kiingereza. Hata hivyo katika kusoma Kiingereza hawakutofautiana kwa kiasi cha maana, ilhali wa Malawi waliwazidi wenzao kwa mbali katika lugha ya nyumbani. Uzito wa matokeo hayo ni kwamba lugha ya nyumbani haikuwanyima Kiingereza, na kwa hiyo Lhukonzo nacho kina nafasi yake katika somo hili.

Katika kipindi cha dakika 80, hatua ya kabla ipewe dakika 10. Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ufahamu wa kutosha bila msaada huhitaji msomaji ajue takribani asilimia 98 ya maneno, yaani katika matini hii asiyoyajua yasizidi 5. Yakizidi, yafundishwe yale tu yasiyokisika na yanayozuia maana, kisha wanafunzi watabiri kisa kwa kichwa chake pekee.

Hatua ya wakati wa kusoma ipewe dakika 45. Pasipo vitabu, matini iandikwe kwenye karatasi ya manila na kufunuliwa aya kwa aya, kila aya ikisomwa kimya kabla ya yeyote kuisoma kwa sauti. Kwenye sentensi ya "ingawa", watatu watatu wajadiliane, hata kwa Lhukonzo, ni lipi lilitarajiwa na ni lipi lilitokea; kila jibu liambatane na kidole juu ya maneno yanayolithibitisha. Anayenakili sentensi nzima pale neno moja lingetosha bado hajaelewa.

Dakika 25 zilizobaki ni za baada ya kusoma: mwanafunzi aandike kwa Kiingereza ujumbe wa sentensi nne ambao mama anampelekea mteja wake ng'ambo ya mpaka, akieleza sababu ya kuchelewa, kazi isiyowezekana kwa aliyemvusha asubuhi.

Itakubaliwa kwamba matini ngeni kabisa, tuseme ya meli katika barafu, hudai utangulizi mrefu kidogo. Hata hapo, muda unapobana, kinachopunguzwa kiwe maneno ya mwalimu, kamwe si dakika za mwanafunzi kusoma kimya.